Lengelenge la kisigino limejaa maji na kesho kutwa natembea tena: nilitumbue au niliache?

#1 Mwendapole
Habari wakuu. Nina buti mpya za ngozi, nimezivaa kwenye matembezi marefu ya kikundi chetu. Kufika nusu ya njia kisigino cha kulia kikaanza kuwaka. Jioni kuvua soksi nakuta lengelenge upana wa sarafu kubwa, limetuna, maji yake maangavu, liko nyuma kabisa pale ukingo wa kiatu unapogusa. Halijapasuka. Ndala navaa bila shida, ila kiatu cha kufunika kisigino sikiwezi.

Kesho kutwa kuna awamu ya pili na sitaki kuikosa. Nyumbani wamegawanyika: mama anasema tumbua uweke chumvi, kaka anasema ukilitumbua unaita vidudu. Wenye uzoefu, mnafanyaje? Na nikilifunga, nifunge na nini?

#2 Kamba Mbili
Tumbua mkuu, usibembeleze. Chukua sindano yenye uzi wa pamba, pitisha upande huu itokee upande wa pili, kata uzi uache umening'inia pande zote mbili. Maji yanatoka usiku kucha bila wewe kufanya kitu. Tulifundishana hivyo kambini na tuliamka tukatembea.

#3 Nesi wa Zamu
#2, sehemu ya kutoa maji naweza kukuelewa, ya kuacha uzi hapana. Ule uzi unabaki wazi kati ya soksi na nyama mbichi. Maji yanatoka kwa kuufuata, na uchafu unaingia kwa njia hiyo hiyo. Waliopona walipona licha ya uzi.

Mleta uzi, kabla hujashika sindano nijibu haya. Una kisukari, au ganzi miguuni, au mzunguko wa damu usio mzuri? Maji ni maangavu kweli au yana damu au ukungu? Ngozi inayolizunguka ina wekundu unaopanuka, joto, au maumivu yanayopigapiga?

#4 Baba Tumaini
Poleni. Kwa mwanangu malengelenge yalitoka pembeni ya mdomo, daktari akatupa krimu ya kupaka mara kadhaa kwa siku. Msiyatumbue, yanaambukiza mpaka mtu mwingine.

#5 Kisoda
Baba Tumaini, hayo ya mdomoni ni ya virusi, habari nyingine kabisa. Hapa tunaongelea kiatu. La kiatu halimwambukizi mtu, labda umwazime hizo buti.

#6 Mwendapole
Nesi asante. Sina kisukari, miguu ina hisia zote. Maji maangavu, damu hakuna. Wekundu upo kidogo ukingoni tu, haujapanuka tangu jana jioni. Linauma kwa kubanwa, nikikaa halina habari.

#7 Nesi wa Zamu
Vizuri. Nianze na upande wa kaka yako, kwa sababu ana hoja. Ile ngozi ya juu iliyotuna ndiyo kifuniko bora kuliko chochote utakachonunua dukani. Ikiwa nzima, chini yake ni safi, na ngozi mpya inaanza kujijenga ndani ya siku mbili za kwanza. Kufika siku ya tano hivi mara nyingi inakuwa na tabaka jipya la juu. Kwa hiyo lengelenge dogo, au lisilouma, au lililo mahali ambapo halitabanwa, liache lilivyo. Lifunike, lipumzishe, maji yatanywewa na mwili.

Lako ni kubwa, limetuna, liko kwenye ukingo wa kiatu, na wewe umeshaamua kutembea. La namna hiyo litapasuka lenyewe ndani ya soksi yenye jasho, na litapasuka vibaya: ngozi ya juu itachanika ijikunje, ubaki na nyama nje. Hapo ndipo mimi naona ni heri kutoa maji kwa utaratibu ukiwa nyumbani.

Nawa mikono kwa sabuni, osha na kisigino. Pata sindano mpya iliyofungwa kwenye pakiti yake kutoka duka la dawa. Hiyo ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto wa mshumaa hutoka na masizi, na ukiichoma masizi yanabaki ndani. Futa lengelenge kwa spiriti, ngozi ikiwa nzima haitawasha. Toboa pembeni chini kabisa, karibu na ngozi nzima, ili maji yashuke yenyewe. Matundu mawili au matatu madogo yanatosha. Usitoboe kileleni. Bonyeza taratibu kwa gozi safi mpaka ngozi ilale. Halafu acha mkasi mbali: usikate ile ngozi, usiichune hata ikiwa imekunjamana. Paka mafuta ya mgando kidogo, weka gozi isiyogandia kidonda, funga.

Matundu hujiziba, kwa hiyo litajaa tena ndani ya saa chache. Toa tena kwa sindano nyingine mpya. Ukifanya hivyo mara mbili tatu katika siku ya kwanza, ngozi ya juu ina nafasi nzuri ya kushikana na ya chini.

Chumvi mwambie mama aiweke kwenye mboga.

#8 Tabibu wa Mtaa
Nesi, naheshimu uzoefu wako lakini huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, inawaambia watu waziwazi wasitumbue wenyewe. Kwa nini sisi tumpe mtu sindano mtandaoni?

#9 Nesi wa Zamu
Ni kweli wanasema hivyo, na kwa mwananchi wa kawaida ni ushauri salama. Ila chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, AAD, nacho kinasema liache likiwezekana, na kama ni kubwa na linauma sana, toa maji kwa sindano safi bila kuondoa ngozi ya juu. Wote wanakubaliana ngozi ya juu ibaki. Wanapotofautiana ni pale mtu anapolazimika kuendelea kutembea.

#10 Tabibu wa Mtaa
"Analazimika" au anataka? Mimi bado nasema aahirishe matembezi.

#11 Soli Ngumu
Mimi ni fundi viatu. Mnahangaika na maji, mimi nauliza kiatu. Buti mpya ya ngozi ina kipande kigumu nyuma, ndani ya kisigino, kinachoshikilia umbo. Kikiwa kipya hakijapinda hata kidogo, na mguu ukiinuka kisigino kinapanda lakini kiatu hakifuati. Kila hatua kinapanda na kushuka. Mtu anadhani kiatu kinabana, kumbe mara nyingi kimelegea pale juu ya mguu.

Vaa buti ukiwa umekaa, gonga kisigino chini nyuma kiingie hadi mwisho, ndipo ukaze kamba kuanzia kwenye kiungo cha mguu. Ukitembea na kuona kisigino kinanyanyuka zaidi ya unene wa kidole kidogo, kamba hazijashika au kiatu ni kikubwa. Na ukinunua kiatu nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovalia.

#12 Jasho la Haki
Fundi, kiatu kinaweza kuwa sawa na bado ukaungua. Tatizo namba moja ni jasho. Soksi ya pamba ikishalowa inabaki imelowa, ngozi inalainika, inasuguliwa, joto linapanda, basi lengelenge. Ni kuungua tu kama kuungua kwa moto.

#13 Mpima Njia
Jasho la Haki, nusu nakubaliana nawe, ya unyevu. Ngozi yenye unyevunyevu inanata zaidi kuliko ngozi kavu kabisa, hata kuliko ngozi iliyolowa chapachapa. Joto nalo linaharakisha mambo. Lakini si kuungua, na wala si ule msuguano wa juu tunaoufikiria. Msuguano wa juu ukila ngozi unakupa mchubuko, sio lengelenge.

Jaribuni hivi: weka ncha ya kidole juu ya mgongo wa mkono wa pili, bonyeza, kisha kisogeze kidole mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Kidole hakijasugua kitu, kimeganda palepale, lakini ngozi inavutwa huku na huku juu ya mfupa. Ndivyo inavyokuwa ndani ya buti. Soksi imeshika ngozi, kiatu kimeshika soksi, na mfupa wa kisigino unakwenda wake. Ngozi inavutika maelfu ya mara mpaka tabaka za ndani, chini kidogo ya uso, zinaachana, na maji yanajaa kwenye huo mwanya. Ndiyo maana hutokea pale penye ngozi nene, nyuma ya kisigino, wayo, viganjani. Ngozi nyembamba huchubuka kabla haijaachana.

Ukielewa hivyo unaona kwa nini soksi mbili husaidia: zinateleza zenyewe kwa zenyewe, ngozi inapona.

#14 Jasho la Haki
Nimejaribu kwa kidole, nimekuelewa. Ila jasho silitoi. Soksi hiyohiyo, kiatu hichohicho, siku ya baridi sipati kitu, siku ya joto napata. Mfupa ni uleule.

#15 Mpima Njia
Na mimi silitoi. Jasho ndilo linaloigandisha soksi kwenye ngozi.

#16 Soli Ngumu
Na kisigino kingeshikwa vizuri na kamba, mfupa usingekuwa na mahali pa kwenda. Mnazunguka, mnarudi kwangu.

#17 Historia Hai
Msilidharau lengelenge jamani. Rais Coolidge wa Marekani alikufa kwa lengelenge la mguuni alilopata akicheza tenisi.

#18 Kisoda
Historia Hai, rais hakufa, alimaliza muhula wake. Aliyekufa ni mwanawe aliyeitwa jina lake, Calvin Coolidge mdogo, mwaka 1924, akiwa na miaka 16. Alicheza tenisi pale Ikulu yao akiwa amevaa viatu bila soksi, akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu, vidudu vikaingia kwenye damu. Aliishi wiki moja tu baada ya mchezo huo.

#19 Historia Hai
Asante kwa masahihisho. Hoja yangu inabaki.

#20 Nesi wa Zamu
Inabaki, ila tuiweke mahali pake: wakati ule antibaiotiki hazikuwepo. Leo kinachoua ni kuchelewa. Mleta uzi, ukiona maji yamegeuka usaha, wekundu unapanuka badala ya kupungua (chora mstari kwa kalamu kwenye ukingo wake uone), mstari mwekundu unapanda mguuni, tezi za kinena zinauma au homa inapanda, acha huu uzi uende hospitali siku hiyohiyo.

#21 Shangazi Wa Pili
Nongeze la kwangu. Baba yangu mdogo ana kisukari. Alipewa viatu vipya vya sherehe, akavaa mchana kutwa, akarudi anatabasamu. Hakusikia maumivu yoyote. Aliyeona ni mjukuu, soksi nyeupe ina doa la maji. Lengelenge lilikuwa limepasuka chini ya kidole gumba na yeye hana habari. Likageuka kidonda, akaenda kliniki ya miguu kufungwa muda mrefu sana kabla hakijafunga.

Kwa hiyo nawaomba, mtu mwenye kisukari asitumbue nyumbani hata kama ni dogo, na asingoje liume ndipo aangalie. Kila jioni avue soksi, atazame wayo na katikati ya vidole, asipoweza kuinama amwombe mtu. Mkono upite ndani ya kiatu kabla ya kuvaa.

#22 Nesi wa Zamu
Shangazi, hilo ndilo nililoulizia pale #3. Huyo ni wa kupelekwa kituoni, lengelenge likiwa la namna yoyote.

#23 Binti Mlima
Turudi kwenye kufunga, maana hamjamjibu. Mimi natumia zile plasta nene za jeli, haidrokoloidi. Unabandika, inakaa siku kadhaa, unaoga nayo, inapunguza maumivu papo hapo. Mwendapole nunua hizo usihangaike na gozi.

#24 Mlinda Kambi
Binti Mlima, ni nzuri kwa lengelenge lililokwisha chanika, nyama ikiwa nje. Hapo hazina mpinzani, zinaweka unyevu na ngozi inajijenga chini. Ila juu ya lengelenge zima, au lililotolewa maji ngozi ikiwa bado haijashika, zina hatari. Gundi yake ni kali. Kuna kijana tuliyetembea naye alibandika vizuri tu, usiku akaamua kuibandua aone hali. Ilitoka na ngozi yote ya juu.

Ukishaibandika usiibandue, iache idondoke yenyewe. Ikigeuka nyeupe na kuvimba katikati usiogope, inanyonya maji ya kidonda. Ikivuja pembeni ndipo ubadilishe, na uibandue kwa kuinyoosha sambamba na ngozi, usiivute kwenda juu. Na kama kuna dalili za usaha, usiifunike na hiyo kabisa.

#25 Binti Mlima
Hilo la kuvuta sambamba sikulijua. Nachukua.

#26 Mpima Njia
Kwa lengelenge ambalo ngozi ya juu bado ipo, mimi huweka plasta ya karatasi, ile nyepesi nyeupe ya mahospitalini. Gundi yake ni dhaifu na hapo ndipo uzuri wake ulipo, ukiibandua haichukui ngozi. Pia huwekwa mapema kabla ya safari, pale unapojua panawaka. Kuna utafiti wa mwaka 2016 kwa wakimbiaji wa mbio za siku nyingi, waliwekewa plasta hiyo sehemu moja ya mguu na sehemu nyingine zikaachwa bila kitu. Sehemu zilizofunikwa zilipata malengelenge pungufu kwa asilimia 40.

Ngozi iwe kavu, bila mafuta. Kata pembe za plasta ziwe duara, pembe kali ndizo zinazokunjwa na soksi. Laini bila mkunjo hata mmoja, kisha ikandamize kwa kiganja ipate joto ishike.

#27 Kamba Mbili
Mbona Nesi kasema apake mafuta ya mgando, wewe unasema bila mafuta?

#28 Nesi wa Zamu
Swali zuri. Mafuta ni ya usiku, ukiwa umelala au una ndala, chini ya gozi. Asubuhi ya kutembea unaifuta ngozi inayozunguka ikauke, vinginevyo plasta haishiki.

#29 Jasho la Haki
Na wale wanaopaka mafuta ya mgando mguu mzima kabla ya kutembea? Mimi hufanya hivyo.

#30 Mpima Njia
Mwanzoni yanateleza, unafuu upo. Baada ya saa kadhaa yanageuka, ngozi imelainika na inanata kuliko ulivyoanza. Mwendo mfupi sawa. Mwendo wa kutwa inabidi ufute na kupaka upya njiani, watu wachache hufanya hivyo.

#31 Jasho la Haki
Basi nipe dawa ya jasho lenyewe.

#32 Mlinda Kambi
Ile ya kuzuia jasho la kwapa yenye aluminiamu. Walijaribu kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, ya nguvu ya asilimia 20. Waliopaka angalau usiku tatu kabla ya mwendo wa kilomita 21 walipata malengelenge asilimia 21, wenzao wa dawa bandia asilimia 48. Lakini zaidi ya nusu ya waliotumia dawa ya kweli ngozi iliwawasha. Mimi iliniwasha nikaacha. Usipake kamwe juu ya ngozi iliyochanika.

#33 Soli Ngumu
Kuna pia kile kipande cha sponji kilichokatwa tundu katikati, lengelenge linakaa ndani ya tundu halibanwi. Wateja huniomba niwakatie.

#34 Mlinda Kambi
Chini ya wayo kinafaa sana. Nyuma ya kisigino, ndani ya buti ngumu, unene wake wenyewe unabana pembeni na kukisukuma kisigino mbele. Nimeona watu wakipata la pili kwenye ukingo wa sponji.

#35 Soli Ngumu
Inategemea unene. Cha milimita mbili tatu hakileti shida.

#36 Mlinda Kambi
Kwenye buti iliyolegea, labda. Yake ni mpya na ngumu.

#37 Mwendapole
Wakuu nimerudi. Nilifanya kama #7. Maji yalitoka mengi, kufika usiku likawa limejaa nusu, nikatoa tena kwa sindano nyingine. Asubuhi yake likajaa kidogo tu, nikarudia. Ngozi ya juu imelala, ina mikunjo, nyama sijaiona. Usiku nililala na mafuta na gozi.

Siku ya matembezi nilifuta, nikaweka kipande kidogo cha gozi isiyogandia juu ya lengelenge, kisha plasta ya karatasi pana yenye pembe za duara. Soksi mbili, ya ndani nyembamba. Buti nimeziacha nyumbani, nimevaa raba zangu za zamani na nikafunga kamba kwa kutumia lile tundu la juu kabisa kama fundi alivyosema kuhusu kushika kiungo. Nilikwenda hadi kituo cha kupumzikia cha pili nikageuka na gari la vifaa, kwa sababu kilianza kuwaka tena. Jioni ngozi ya juu bado ipo, ukingoni mwekundu uleule, mstari wa kalamu haujavukwa.

#38 Nesi wa Zamu
Umefanya vizuri kugeuka pale kilipoanza kuwaka. Endelea kukifunika mpaka kisiume kukibonyeza. Ile ngozi itakauka na kutoka yenyewe ikishakuwa ngumu. Ikining'inia, kata kile kilichokufa tu.

#39 Tabibu wa Mtaa
Nafurahi umepona, lakini kama ungeliacha na kuvaa hizo raba ungefika palepale bila sindano. Aliyebadilisha mambo ni kiatu.

#40 Kamba Mbili
Au plasta.

#41 Soli Ngumu
Kiatu. Mwendapole, hizo buti usizitupe. Zivae ndani ya nyumba kwa muda mfupi mfupi, na soksi nene, mpaka ile sehemu ya nyuma ianze kupinda. Ukiweza nitumie picha ya kisigino cha ndani, wakati mwingine kuna mshono uliotokeza na hapo hata uvae mwaka mzima haitalainika.

#42 Mwendapole
Nimepitisha kidole ndani sasa hivi. Upande wa kulia kuna kitu kama uvimbe mgumu kwenye mshono, kushoto ni laini. Na kushoto sikupata kitu. Napiga picha.

#43 Jasho la Haki
Mguu wa kulia hutoa jasho kuliko wa kushoto kwa watu wengine, msisahau.

#44 Mpima Njia
Kabla hamjamhukumu mshono, pima miguu yote miwili ukiwa umesimama. Wengi wana mmoja mrefu kidogo, na kama wa kulia ndio mfupi basi ndio unaocheza ndani ya buti.